Sehemu Moja Kubwa, Vipande Vitatu Vidogo

Kujumlisha sehemu tumekujua tangu shule ya msingi. Ukipewa 1/2 na 1/3 unatafuta kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni 6, unabadilisha, unapata 5/6. Kazi ya kurudi nyuma ndiyo ambayo wengi hawakuulizwa: umepewa 5/6, umeambiwa imetokana na sehemu mbili, moja asili yake ni 2 na nyingine ni 3, sasa zitaje. Kwa namba ndogo kama hizo utabahatisha na kupata. Zikiingia herufi, kubahatisha kunakwisha na inabidi mtu awe na njia.

Tuchukue sehemu moja tu na tukae nayo:

(6x² − 3x + 7) / ((x − 1)²(x² + 4))

Mwanafunzi wa kidato cha sita hukutana na kitu cha namna hii anapotakiwa kukifanyia integresheni, yaani kutafuta eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Kama ilivyo, sehemu hii haina kanuni ya moja kwa moja. Ikivunjwa vipande, kila kipande kina kanuni yake fupi inayojulikana. Kwa hiyo swali ni hili: vipande hivyo ni vingapi, na kila kimoja kina sura gani?

Hapo kwenye sura ndipo watu wengi wanapoanguka, si kwenye hesabu zinazofuata. Mtu aliyeandika sura isiyo sahihi anaweza kuzidisha na kujumlisha bila kosa lolote na bado akatoka na jibu la uongo. Basi tuanze na sura.

Tazama chini, kwenye asili. Kuna vigawo vya tabia mbili. Cha kwanza ni (x − 1), ambacho kimejirudia mara mbili. Cha pili ni x² + 4, ambacho hakivunjiki tena, kwa sababu hakuna namba halisi ambayo ukiizidisha kwa yenyewe kisha ukaongeza 4 unapata sifuri. Kila tabia ina masharti yake, na masharti hayo yanatoka kwenye jambo ambalo kila mtu analijua: baki la kugawanya.

Ukigawanya namba kwa 7, baki ni lolote kuanzia 0 hadi 6, kamwe si 7 au zaidi. Kwa maumbo yenye x, kinachopimwa ni kipeo. Ukigawanya kwa x − 1, baki lazima liwe na kipeo kidogo kuliko cha x − 1, kwa hiyo ni namba tupu. Ukigawanya kwa x² + 4, baki linaweza kuwa na x ndani yake, ila haliwezi kufika x². Ndiyo maana juu ya x² + 4 tunaandika Cx + D na si herufi moja pekee. Anayeandika D peke yake amekataza baki kuwa na x kabla hajajua kama inayo au haina.

Kigawo kilichojirudia nacho kina jambo lake, na namba za kawaida zinalionyesha vizuri. Asili ya 3/4 ni 4, yaani 2 mara mbili. Ukiruhusiwa kuandika 0 au 1 tu juu ya kila sehemu, huwezi kuipata 3/4 kwa kutumia robo peke yake, maana robo moja haitoshi. Unahitaji nusu na robo: 1/2 + 1/4. Vivyo hivyo (x − 1)² inadai ngazi zote mbili, moja yenye (x − 1) na nyingine yenye (x − 1)², kila moja ikiwa na namba tupu juu yake. Kama ingekuwa (x − 1)³, ngazi zingekuwa tatu.

Sura yetu basi ni hii:

A/(x − 1) + B/(x − 1)² + (Cx + D)/(x² + 4)

Herufi za kutafuta ni nne. Sasa hesabu kipeo cha asili yote: (x − 1)² inatoa 2, x² + 4 inatoa 2, jumla 4. Nne kwa nne. Hili si bahati. Sehemu yoyote yenye asili hii, na yenye kipeo kidogo juu kuliko chini, inaweza kuwa na x³, x², x na namba tupu kwenye kiasi chake. Hizo ni nafasi nne, nasi tunahitaji herufi nne za kuzijaza. Kabla sijakokotoa chochote, mimi huhesabu kwanza. Herufi zikipungua kipeo cha chini, kuna kipande kimesahaulika. Zikizidi, kuna kilichoandikwa mara mbili.

Na hilo sharti la juu kuwa na kipeo kidogo kuliko chini lisipuuzwe. Kama kiasi kina kipeo sawa na asili au kikubwa zaidi, gawanya kwanza kwa njia ndefu, weka kando kinachotoka kizima, kisha uvunje baki lake tu.

Njia inayofundishwa zaidi ya kutafuta A, B, C na D ni kuzidisha pande zote kwa asili nzima, kufungua mabano, halafu kulinganisha namba zilizo mbele ya x³, x², x na zile tupu. Unapata milinganyo minne. Ni njia halali na haijawahi kumtupa mtu, lakini ni ndefu, na alama ya kutoa ikipotea katikati inaharibu yote yanayofuata. Ninaipenda zaidi njia ya kumenya, tabaka baada ya tabaka kama kitunguu, kwa sababu inajipima yenyewe kila hatua.

Anza na tabaka la nje, yaani B, lililo juu ya (x − 1)². Zidisha sehemu yote kwa (x − 1)² na uweke x = 1. Kipande cha A kinabaki na (x − 1) ndani yake, kwa hiyo kinakuwa sifuri. Kipande cha C na D nacho kinakuwa sifuri. Upande wa pili kunabaki kiasi chetu juu ya x² + 4. Kwa x = 1 kiasi ni 6 − 3 + 7, yaani 10, na x² + 4 ni 5. Kumi kwa tano ni 2. Kwa hiyo B = 2.

Sasa menya. Toa 2/(x − 1)² kutoka kwenye sehemu kubwa. Kwa asili ileile, hiyo ni sawa na kutoa 2(x² + 4) kutoka kwenye kiasi:

6x² − 3x + 7 − 2x² − 8 = 4x² − 3x − 1

Hapa ndipo njia hii inapojipima. Kama B ni sahihi, hiki kilichobaki lazima kigawanyike kwa x − 1 bila baki, kwa sababu tabaka la (x − 1)² limeshaondoka na hakuna kitu cha kuliweka tena. Kinagawanyika: 4x² − 3x − 1 ni (x − 1)(4x + 1). Kata (x − 1) moja juu na moja chini, na sehemu iliyobaki ni

(4x + 1) / ((x − 1)(x² + 4))

Rudia. Zidisha kwa (x − 1), weka x = 1: juu 5, chini 5, kwa hiyo A = 1. Menya tena kwa kutoa 1/(x − 1), yaani kutoa x² + 4 kutoka kwenye 4x + 1:

4x + 1 − x² − 4 = −x² + 4x − 3

Lazima kigawanyike tena kwa x − 1, na kweli ni −(x − 1)(x − 3). Kata (x − 1). Kilichobaki ni −(x − 3)/(x² + 4), ambacho ni (−x + 3)/(x² + 4). Hatukuitafuta C wala D. Zimejitokeza zenyewe baada ya tabaka mbili kuondoka: C = −1, D = 3.

Jibu kamili:

1/(x − 1) + 2/(x − 1)² + (−x + 3)/(x² + 4)

Angalia pia jinsi kumenya kulivyoeleza kwa nini sura iko vile. Kila mmenyo umeondoa (x − 1) moja, ndiyo maana kuna vipande viwili vya (x − 1). Kilichosalia mwishoni kilikuwa juu ya x² + 4, kikiwa na x ndani yake, ndiyo maana inabidi Cx + D.

Wapo wanaouliza kwa nini vipande viwili vya kwanza visiandikwe pamoja kama (px + q)/(x − 1)². Vinaweza. Ukivijumlisha unapata (x + 1)/(x − 1)², na hakuna uongo ndani yake. Shida ni kwamba sehemu hiyo bado haijamaliza kuvunjika: atakayeifanyia integresheni itambidi aigawe tena kuwa vile viwili. Idadi ya herufi ni ileile, kazi imeahirishwa tu.

Kuna mkato mwingine unaofaa kuujua, wa kupata C na D bila kupitia A. Kama x = 1 inaua vipande vya (x − 1), basi x² = −4 inaua x² + 4. Hakuna namba halisi ya namna hiyo, lakini hesabu hazijali: popote palipo x² unaandika −4, na x yenyewe unaiacha ilivyo. Kiasi 6x² − 3x + 7 kinakuwa −24 − 3x + 7, yaani −17 − 3x. Na (x − 1)², ambayo ni x² − 2x + 1, inakuwa −3 − 2x. Vipande vya A na B vimeshakufa, kwa hiyo kinachobaki ni

−17 − 3x = (Cx + D)(−3 − 2x)

Fungua mabano, na kila ukikutana na x² weka −4 tena. Upande wa kulia unakuwa 8C − 3D pamoja na (−3C − 2D)x. Linganisha: 8C − 3D = −17, na 3C + 2D = 3. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 na wa pili kwa 3, jumlisha, D inatoweka na unapata 25C = −25. C ni −1, na D ni 3, kama tulivyopata kwa kumenya. Kisha A inakuja bure: kwenye kiasi hakuna x³, na x³ ingetoka kwa A na C tu, kwa hiyo A + C = 0, na A = 1.

Sasa tuone mambo yanavyoharibika. Tuseme mtu amesahau ngazi ya kwanza na kuandika

B/(x − 1)² + (Cx + D)/(x² + 4)

Akifuata njia ya kulinganisha, hesabu zenyewe zitampigia kelele. Kwenye x³ anapata C = 0. Kwenye x² anapata B + D = 6, na kwa kuwa B ni 2, D inakuwa 4. Kwenye namba tupu anapata 4B + D = 7, na D inakuwa −1. D haiwezi kuwa 4 na −1 kwa wakati mmoja. Mgongano wa namna hii ukitokea, wengi hurudi kutafuta kosa la kujumlisha kwa nusu saa nzima, kumbe kujumlisha hakuna tatizo. Sura ndiyo yenye kasoro.

Lakini kuna njia ambayo haipigi kelele. Wengi hupenda kuweka thamani rahisi za x, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila moja inatoa mlinganyo mdogo. Mtu huyuhuyu mwenye sura mbovu anaweka x = 1, anapata B = 2. Anaweka x = 0, anapata D = −1. Anaweka x = 2: kiasi ni 25, kwa hiyo 25 = 16 + 2C − 1, na C = 5. Herufi tatu, thamani tatu, hakuna mgongano hata mmoja. Anaandika

2/(x − 1)² + (5x − 1)/(x² + 4)

na anafunga daftari. Jibu linapendeza, na ni la uongo. Limelazimishwa kukubaliana na sehemu ya mwanzo kwenye thamani zile alizochagua yeye, na kwingine kote linakwenda njia yake.

Dawa ni kupima kwa thamani ambayo haikutumika kwenye kukokotoa. Chukua x = 3. Sehemu ya mwanzo: juu 54 − 9 + 7 ni 52, chini 4 mara 13 ni 52, kwa hiyo ni 1 kamili. Jibu letu: 1/2 + 2/4 + 0/13, nalo ni 1. Jibu lake: 2/4 + 14/13, ambalo ni kama 1.58. Limekwisha. Kipimo hiki hakichukui hata dakika, na thamani moja uliyoichagua mwishoni inafaa kuliko kupitia upya hatua zote ulizoandika.

Tofauti hiyo si ndogo ikifika kwenye kazi yenyewe. Kwa integresheni, 1/(x − 1) inatoa logi asilia, ln(x − 1) kwa x iliyozidi 1. Kipande cha 2/(x − 1)² hakitoi logi kabisa, kinatoa −2/(x − 1). Kipande cha mwisho kinagawanyika: −x inatoa −½ ln(x² + 4), na 3 inatoa (3/2) arctan(x/2), yaani pembe ambayo tanjenti yake ni x/2. Eneo kati ya x = 2 na x = 3 linatoka takriban 1.75. Jibu la yule aliyesahau ngazi lingetoa takriban 2.12.

Kuna neno moja nililipita haraka pale juu: kigawo kisichovunjika. Kwa umbo la kipeo cha pili, ax² + bx + c, kipimo ni b² − 4ac. Ikiwa hasi, halivunjiki kwa namba halisi. Kwa x² + 4 ni 0 − 16, hasi, basi tuko salama. Kwa x² + 5x + 6 ni 25 − 24, chanya, na anayeandika Cx + D juu yake hajakosea sana, ila ameacha kazi nusu, maana ni (x + 2)(x + 3). Hata x² − 2, ambayo haina vigawo vya namba nzima, inavunjika kwa kipeuo cha pili cha 2.

Hatari kubwa ni kudhani kwamba kisichofikia sifuri hakivunjiki. Kwa kipeo cha pili ni kweli. Kwa kipeo cha nne si kweli, na aliyenaswa hapo hakuwa mtu mdogo. Gottfried Leibniz, mmoja wa waasisi wa kalkulasi, aliandika kuhusu uvunjaji huu mwaka 1702 katika jarida la Acta Eruditorum, mwaka uleule ambao Johann Bernoulli naye aliutumia. Leibniz alifika kwenye x⁴ + a⁴, akaona hakuna namba halisi inayoifanya kuwa sifuri, akahitimisha kwamba haiwezi kugawanywa kuwa vigawo halisi vya kipeo cha pili. Mwaka 1719 Nicolaus Bernoulli, mpwa wa Johann, alionyesha kwamba inagawanyika. Siri ni kuongeza na kutoa kitu kilekile. Kwa x⁴ + 4:

x⁴ + 4 = (x² + 2)² − (2x)² = (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2)

Zidisha uone. Kwa hiyo sehemu yenye x⁴ + 4 chini haichukui kipande kimoja chenye x³ juu, inachukua viwili, kila kimoja na Cx + D yake. Leibniz angejua hilo, asingebaki na swali la kwamba huenda integresheni ya 1/(x⁴ + a⁴) inahitaji kitu kipya zaidi ya logi na pembe. Baadaye, mwaka 1799, Carl Friedrich Gauss alitoa uthibitisho katika tasnifu yake kwamba kila umbo la namba halisi linavunjika kuwa vigawo vya kipeo cha kwanza na cha pili tu. Ndiyo maana tabia tunazokutana nazo kwenye asili ni hizo mbili, zikijirudia au zisijirudie.

Kigawo cha kipeo cha pili nacho kinaweza kujirudia. Kukiwa na (x² + 4)² chini, kanuni zote mbili zinafanya kazi pamoja: ngazi ya x² + 4 na ngazi ya (x² + 4)², kila moja ikiwa na Cx + D yake. Herufi nne kwa kipeo cha nne. Kumenya kunaendelea vilevile, ila badala ya x = 1 unatumia x² = −4.

Gauss alithibitisha kwamba vigawo vipo. Hakusema kwamba ni rahisi kuvipata. Chukua x⁵ − x + 1 iwe asili. Ina sehemu moja tu inapokuwa sifuri, karibu na x = −1.1673, kwa hiyo ina kigawo kimoja cha kipeo cha kwanza na viwili visivyovunjika vya kipeo cha pili. Sura inaandikika mara moja: A juu ya cha kwanza, Cx + D na Ex + F juu ya viwili vinavyofuata, herufi tano kwa kipeo cha tano. Lakini vigawo vyenyewe haviandikiki kwa vipeuo vya namba, kwa kuwa mlinganyo huu ni mojawapo ya ile ya kipeo cha tano isiyo na kanuni ya namna hiyo. Niels Abel, Mnorwe, ndiye aliyethibitisha mwaka 1824 kwamba kanuni moja ya vipeuo kwa milinganyo yote ya kipeo cha tano haipo. Mwenye kutaka kuivunja sehemu ya namna hii ataikadiria −1.1673 kwa kikokotoo hadi desimali anazozihitaji, kisha A, C, D, E na F zote zitakuwa makadirio pia.